Nilikataa Kupandisha Gesi

Miaka kumi na moja nimeitwa Mlalaji, na kazini sijawahi kusinzia hata mara moja. Nalisema hili mwanzo kabisa ili asiwepo wa kujifanya hajasikia.

Jina nilipewa na daktari mkubwa, mwenye kliniki ya wanyama ninayofanya kazi, na lilisambazwa na Refa. Refa ni mzee wa mtaa wetu, alikuwa akichezesha mpira enzi zake, na mpaka leo anatembea kama ana filimbi mdomoni. Wifi yangu akalidaka akalipeleka mpaka kwenye vikao vya ukoo. "Mlalaji, chai imeiva, uko macho?" Watu wanacheka. Mimi nakunywa chai yangu. Nimekunywa chai nyingi sana ya namna hiyo.

Ilikuwa hivi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini kuhesabu najua, na macho ninayo. Nilianza kliniki kama mfagiaji. Daktari akaona nina mkono mtulivu, wanyama hawanikurupukii, akanifundisha kukaa kwenye mashine ya nusukaputi. Ile mashine ina kidude cha kuzungusha chenye namba, sifuri mpaka tano. Ukizungusha juu, mnyama anavuta gesi nyingi, usingizi unakuwa mzito. Ukishusha, unakuwa mwepesi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kichwani kwa mnyama, kusikiliza moyo kwa kipimo cha masikioni, kuhesabu pumzi, kuangalia rangi ya ufizi, na kuandika namba kwenye karatasi kila dakika tano. Na kidude nazungusha nikiambiwa tu. Hilo lishike vizuri: nikiambiwa tu.

Siku hiyo Refa alileta mbwa wake, dume la rangi ya majivu, mguu wa nyuma umevunjika pajani. Daktari akampasua. Kila akivuta mfupa, mguu unaruka, moyo unakimbia mia na sitini, pumzi fu fu fu. "Pandisha!" Napandisha mbili na nusu. Anavuta tena, mguu unaruka tena. "Pandisha, mama, unangoja nini?" Tatu. "Pandisha!" Nne. Basi mguu ukatulia. Daktari akafurahi. Mimi nikainua mdomo wa mbwa nikaona ufizi umekuwa rangi ya jivu la jikoni. Nikasema, "Daktari, ufizi umebadilika, na pumzi ni nne tu kwa dakika." Akasema, "Wewe ndiye daktari? Acha ilivyo." Nikaacha ilivyo. Hilo najilaumu, sikatai. Mapigo yakawa yanakuja kama mtu anayebisha hodi huku akiwa na wasiwasi kama ni nyumba yenyewe, halafu yakaacha kabisa.

Tulimkandamiza kifua mpaka jasho likatutoka. Hakurudi.

Daktari akavua glavu akaenda chumba cha kungojea. Refa amesimama, kofia mkononi. Daktari akamwambia, mbele ya watu wote waliokaa na wanyama wao, "Pole sana mzee. Mhudumu wangu alipandisha gesi halafu akasinzia." Mimi nilikuwa mlangoni, aproni ina damu. Na Refa alikuwa amechungulia kwenye kioo cha mlango akaniona kwa macho yake mkono wangu ukizungusha kidude. Kuona aliona, ila sauti haikumfikia. Akaninyooshea kidole kama anampa mchezaji kadi nyekundu. Hakuniuliza hata neno moja. Refa wa maisha yote, anatoa hukumu bila kumsikiliza mtu!

Tangu siku hiyo nikaondolewa kwenye mashine, nikarudishwa kwenye vizimba. Kufua matandiko, kusugua mikojo. Binti yangu wa mwisho, ninayekaa naye, aliniambia, "Mama, achana nao, tafuta kazi nyingine." Nikamwambia, nikiondoka nitakuwa nimekubali. Nikabaki. Miaka yote hiyo Refa akipita nje ya kliniki anahamia upande wa pili wa barabara. Sikumkasirikia kidogo kidogo. Nilimkasirikia jumla.

Sasa miaka miwili nyuma akaja mpwa wake daktari mkubwa, mtoto wa dada yake. Binti mfupi, miwani mikubwa, anatembea kama amechelewa basi. Naye daktari wa wanyama, amesoma akasoma tena. Sisi tunamwita Dokta Binti. Wiki ya kwanza alinikuta nasugua kizimba cha paka aliyetoka kupasuliwa, nimesimamisha brashi.

"Mama, unafanya nini hapo?"

"Nasugua."

"Hapana, midomo yako inatembea."

"Nahesabu pumzi zake," nikasema. "Kumi na nane. Asubuhi zilikuwa kumi."

Akanitazama. "Nani amekwambia uhesabu?"

"Nani amenikataza?"

Akacheka mpaka miwani ikamteremka. Siku ya pili akamwambia mjomba wake anataka mimi nikae naye kwenye mashine. Mjomba akasema, "Huyo? Utajuta." Dokta Binti akasema, "Basi nitajuta mwenyewe, mjomba." Hivi hivi, nimesimama hapo hapo na ndoo.

Wa kwanza alikuwa paka dume, wa kuhasiwa. Desturi ya pale, paka anachomwa sindano ya usingizi, na daktari mkubwa akishavuta ile kamba ya korodani paka anatikisika, basi anaongezwa sindano ya pili. Paka analala mpaka jioni, baridi kama samaki, mimi nabaki kumfunga chupa za maji ya moto. Dokta Binti akapima paka kwenye mizani, akapiga hesabu, akavuta dawa ya ganzi kidogo sana kwenye bomba la sindano.

"Kidogo namna hiyo?" nikauliza.

"Paka hawana mzaha na ganzi, mama. Ukizidisha ni sumu, inampiga ubongo na moyo. Ndiyo maana nampima kwanza."

Halafu akamchoma kwenye korodani zenyewe, moja, na ya pili.

"Haa!" nikasema. "Wewe mtoto huna huruma."

"Ningekuwa sina huruma ningeanza kukata. Angalia saa. Dakika tano."

Tukangoja dakika tano tumenyamaza kama tuko msibani. Kisha akakata, akavuta kamba. Nimeshika kifua cha yule paka, nangoja kuruka. Kimya. Moyo ule ule. Akamaliza. Hakuna sindano ya pili, na ile ya kwanza yenyewe alikuwa ameipunguza. Kabla ya saa sita mchana paka amekaa ananitukana kwa macho anataka chakula! Nilikimbia mpaka mapokezi kuwaambia. Binti wa mapokezi akadhani kuna moto.

Nikamuuliza Dokta Binti, imekuwaje?

"Nikuulize, mama. Jirani akifungulia redio kwa kishindo usiku, unafanyaje ulale?"

"Naenda naizima."

"Na usipoweza?"

"Najifunika mablanketi kichwani."

"Haya. Usingizi wa gesi ni mablanketi. Mnyama hajui kinachoendelea, lakini maumivu bado yanapiga kelele kwenye mishipa ya fahamu, mwili unasikia, moyo unakimbia. Mjomba anaongeza blanketi juu ya blanketi mpaka mtu anakosa pumzi. Mimi naizima redio. Ganzi inafunga mshipa pale pale, kelele haifiki kichwani. Redio ikizimwa, blanketi moja linatosha."

Jamani. Nilikaa chini kwenye ndoo niliyoigeuza. Blanketi juu ya blanketi! Mbili na nusu, tatu, nne. Miaka yote nilijua sikulala, lakini sikujua yule mbwa alikufa na nini. Siku hiyo ndiyo nilijua. Nilifurahi mpaka nikataka kumpiga mtu.

Tangu hapo ikawa kila siku jipya. Mbwa wa kung'olewa jino: anapapasa juu ya ufizi mpaka apate kitundu mshipa unapotokea, anachoma tone, kidude kinashuka kutoka mbili na nusu mpaka moja. Nikawa nasubiri asubuhi ifike kama mtoto anasubiri nguo mpya. Daktari mkubwa alikuwa anapita anaguna.

"Hayo nilijaribu ujanani," alisema mara moja. "Hayafanyi kazi. Nilichoma, nikakata, mbwa akaruka."

"Ulingoja dakika ngapi, mjomba?"

"Dakika ngapi za nini?"

Dokta Binti akanikonyeza. Mimi nikaingia stoo nikacheka peke yangu kwenye mataulo.

Basi, ndiyo siku yenyewe. Jumanne, saa mbili asubuhi, nafuta sakafu ya chumba cha kungojea, naona Refa anaingia. Miaka kumi na moja hakukanyaga pale. Amebeba mbwa kwenye shuka, jike kongwe la kahawia, uso mweupe kwa uzee. Pikipiki imemgonga. Mguu wa nyuma unaning'inia. Refa naye kazeeka, na machozi hayafichi.

Aliponiona akasimama. "Huyu bado yupo?"

"Nipo," nikasema. "Uliniona nimeenda wapi?"

Dokta Binti akamchukua mbwa, akampiga picha, akamsikiliza moyo muda mrefu. Uso ukabadilika. "Mzee, mfupa wa paja umevunjika, inabidi tuingize chuma. Lakini moyo wake una mlio. Valvu, kile kilango cha damu, imechakaa. Akilazwa kwa gesi nyingi, presha itaanguka, sidhani kama atarudi."

"Basi amekufa," Refa akasema. Akakaa. "Mke wangu ndiye aliyemlea kwa chupa. Mke mwenyewe sinaye tena. Nimebaki na huyu."

Sikutaka kumwonea huruma. Nilijizuia sana.

"Hajafa," Dokta Binti akasema. "Nitamchoma ganzi mgongoni. Nusu ya nyuma yote itakufa ganzi, halafu nitampa gesi ndogo tu. Na mama huyu ndiye atakayekaa kwenye mashine."

Refa akasimama kama amechomwa yeye. "Nani? Mlalaji? Aliniulia wa kwanza, sasa anataka wa pili?"

Watu wote wakageuka. Bibi mmoja na sungura kwenye kikapu. Kijana na kasuku. Binti wa mapokezi ameshika simu.

"Mzee," Dokta Binti akasema taratibu, "mikono yangu itakuwa kwenye mfupa. Nahitaji masikio ya mtu kichwani kwa mbwa wako. Hapa hakuna masikio kama ya huyu. Kama humtaki, nikuandikie barua umpeleke kwingine. Ni safari ya saa tano, na mbwa anaumia."

Refa akamtazama mbwa. Mbwa akamlamba kidole. Akasema bila kunitazama, "Akifa, nitasema mtaa mzima."

"Umeshasema mtaa mzima," nikamjibu. "Safari hii itakubidi utafute mtaa mwingine." Nikaenda kunawa mikono.

Tukampa sindano ya kumtuliza na kupunguza maumivu, dripu ikaanza, tukamlaza kwa gesi, namba mbili. Tukamlaza kifudifudi, miguu ya nyuma tukaivuta mbele kwa upole, ule uliovunjika nikaushika mwenyewe usicheze. Nikamnyoa manyoya mgongoni, juu kidogo ya mkia, nikamsugua kwa dawa mara tatu mpaka ngozi ikawa safi kuliko sahani zangu. Dokta Binti akaikagua ngozi ile, maana penye kidonda au usaha hachomi. Akavaa glavu. Kidole gumba kwenye nundu moja ya nyonga, kidole cha kati kwenye nyingine, na cha shahada katikati kinatafuta kishimo kati ya pingili.

"Hapa," akasema.

Sindano ndefu, nyembamba. Akaingiza kidogo, akaijaza tone moja la maji kwenye tako la sindano, tone likakaa pale linameta kama jicho. "Mama, wewe usiangalie mkono wangu. Angalia tone."

Daktari mkubwa akafungua mlango akasimama hapo hapo, nusu ndani nusu nje, mlango ameuacha wazi, chumba nimekisafisha tangu alfajiri. Nikamkata jicho. Hakusikia, jicho halina sauti.

"Unacheza na uti wa mgongo," akasema. "Utampooza."

"Uti wenyewe kwa mbwa unaishia juu ya hapa, mjomba. Naomba kimya."

Sindano ikaingia taratibu. Tone limetulia. Ikaingia tena. Tone limetulia. Mimi pumzi nimeishika, nahesabu za mbwa tu. Mara, tup! Tone likafyonzwa ndani, likapotea kama limemezwa!

"Limeingia!" nilipiga kelele. Nikaziba mdomo kwa bega.

"Limeingia," naye akasema, anacheka nyuma ya barakoa. Akangoja kidogo kuona kama damu inarudi, au maji ya uti. Hakuna. Mbwa ni kilo ishirini, dawa mili nne, ganzi imechanganywa na morfini kidogo. Akaisukuma polepole, dakika nzima na zaidi. "Sasa tunangoja dakika ishirini. Hata ikulu ipige simu."

Tukamgeuza, mguu mbovu juu. Tukanyoa mguu, tukausugua, tukatandika vitambaa. Ikafika dakika ishirini. Akabana kidole cha mguu kwa koleo. Mguu haukuvutwa. Akanikazia macho. "Shusha."

"Mpaka ngapi?"

"Wewe unamsikiliza. Niambie wewe."

Miaka kumi na moja sijagusa kidude bila kuamriwa. Nikasikiliza moyo: tisini, unapiga sawasawa. Pumzi kumi na nne. Ufizi wa waridi. Taya limelegea kupita kiasi. "Amelala mno," nikasema. "Namba mbili ni nyingi kwake sasa." Nikashusha mpaka moja na nusu. Nikangoja. Moyo ule ule. Nikashusha mpaka moja. Presha kwenye kipimo ikapanda kidogo, ikakaa pazuri. Taya likaanza kukaza kidogo, kama la mtu aliyelala usingizi wake wa kawaida.

"Moja," nikasema.

"Moja," akasema, na akakata.

Nakwambia, alikata ngozi, akafungua nyama, akafika kwenye mfupa, na moyo masikioni mwangu ni tisini. Akavuta mfupa kuuweka sawa, pale pale ambapo yule mwingine aliruka. Mwili wangu mzima uliruka. Mbwa hakuruka. Tisini! Nilitaka kwenda kumwita mtu barabarani aje asikilize.

Ndipo daktari mkubwa, pale mlangoni, akagonga sinia la chuma kwa kiwiko. Likaanguka kwa kishindo. Sikio la mbwa likacheza, na kope ikapepesa mara moja.

"Anaamka!" akapiga kelele. "Ameamka! Pandisha! Pandisha tatu!"

Sauti ile ile. Mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe, siongopi, ukaenda mpaka kwenye kidude. Masikioni nasikia: tisini. Naona pumzi: kumi na nne. Nabonyeza taya: limekaza kidogo tu, vile vile. Redio imezimwa, blanketi la nini?

Nikakifunika kidude kwa kiganja.

"Sipandishi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema sipandishi. Amesikia sinia lako, ndio. Kichwa chake kina masikio, ganzi iko nyuma. Mguu hauna habari. Moyo tisini."

"Mimi ndiye mwenye kliniki hii! Nimesema pandisha! Nne, kama ni lazima, nne!" Akaja, akanyoosha mkono. Nikaupiga. Pa! Mkono wa daktari mkubwa, nikaupiga kama wa mtoto anayechovya kwenye sufuria.

"Mama," Dokta Binti akasema, hakuinua kichwa, chuma kimefika katikati ya mfupa, "moyo ulikuwa ngapi nilipoanza?"

"Tisini."

"Na sasa?"

"Tisini."

"Basi usiguse kitu. Mjomba, toka nje na ufunge mlango."

Akageuka kutoka. Na hapo ndipo mimi na yeye kwa pamoja tukamwona Refa, amesimama nje ya mlango ule aliouacha wazi, kofia mkononi. Alikuwepo muda wote. Safari hii alikuwa ameona na kusikia.

Mlango ukafungwa.

Tukamaliza saa tano na nusu. Kidude hakijavuka moja mpaka mwisho. Kwenye kushona nilikishusha mpaka robo tatu. Gesi ilipozimwa, dakika chache tu, kichwa kikainuka, macho yanatafuta mtu. Nikamfunika, nikatoka kumwita Refa. Akakimbia, akapiga magoti, mbwa akalia kwa furaha, akataka kusimama. Miguu ya nyuma haikusogea. Imelala tu kama soksi zilizoloa.

"Mmempooza!" Refa akapiga yowe. "Miguu haifanyi kazi! Mmempooza!"

"Nilisema mimi," daktari mkubwa akadakia kutoka ofisini. "Nilisema."

"Ni ganzi, mzee," Dokta Binti akasema. "Bado ipo. Itaondoka alasiri. Ndiyo maana halii na mguu umetoka kuchomekwa chuma."

Refa akakaa sakafuni. Mimi nikakaa upande wa pili wa mbwa. Nikawa namgeuza mbwa kila baada ya muda, nampapasa tumbo la chini kuangalia kibofu, maana ile morfini ya mgongoni inaweza kumzuia mtu kukojoa. Saa saba, hakuna. Saa nane, hakuna. Nikisema roho yangu ilikuwa imetulia nitakuwa naongopa. Nilikuwa namwambia yule mbwa kimoyomoyo, wewe bibi kizee mwenzangu, usiniaibishe mbele ya huyu mtu.

Saa tisa kasoro, mkia ukapiga sakafu. Mara moja.

"Umeona?" Refa akasema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia bila tusi tangu siku ile.

"Nimeona."

Mara ya pili. Kidole cha mguu kikacheza. Saa tisa na nusu akajiinua mbele, nikampitisha taulo chini ya tumbo, tukamshika mimi huku yeye huku, akasimama! Miguu mitatu chini, wa nne unagusa gusa. Anayumba kama mlevi wa sikukuu. Tukamtoa nje kwenye nyasi, akanusa, akazunguka, akachuchumaa, akakojoa mkojo mrefu usioisha.

"Amekojoa!" mimi nikapiga kelele.

"Amekojoa!" Refa akapiga kelele. Watu barabarani wakasimama kutushangaa, wazee wawili wanashangilia mkojo.

Halafu Refa akanitazama usoni sawasawa. "Siku ile ya dume langu," akasema. "Nilikuona kwenye kioo unazungusha. Nani alisema pandisha?"

"Usiniulize mimi," nikasema. "Mimi si nilikuwa nimelala?"

Alikabidhi mbwa kwa Dokta Binti, aliyetoka nje kwa kelele zetu, akaingia ndani. Mimi nyuma yake. Daktari mkubwa alikuwa mapokezi, anamwandikia cheti bibi wa sungura aliyerudi kuchukua dawa. Benchi zimejaa, watu wa jioni.

"Daktari," Refa akasema, ile sauti yake ya uwanjani, "siku ile, miaka kumi na moja nyuma, nani alisema pandisha?"

"Ah, mzee, hayo mambo ya zamani. Mbwa wako si amepona?"

"Sijauliza kama amepona. Nimeuliza nani alisema pandisha. Leo nimekusikia kwa masikio yangu ukisema nne. Huyu mama angekutii, sasa hivi ningekuwa nachimba shimo. Nani alisema siku ile?"

Daktari akamtazama mpwa wake pale mlangoni. Dokta Binti ameshika mbwa, hakumsaidia. Akanitazama mimi. Sikumsaidia vilevile. Akashusha kalamu.

"Mimi," akasema chini chini. "Nilisema mimi. Alinionya nikamnyamazisha. Wala hakulala."

Refa akanigeukia, akavua kofia. "Mama, nilikukosea. Naomba unisamehe."

"Nimekusikia," nikamwambia. Kusamehe ni jambo jingine, na nilikuwa sina haraka nalo. Mpaka naandikisha haya sijawa na haraka.

Daktari mkubwa alikuwa ameshaokota kalamu, anataka kuendelea na cheti.

"Daktari," nikasema, "rudia. Kwa sauti. Kuna watu benchi la nyuma hawajasikia."

Akarudia.